Maneno gani hasa yanaleta watu kwenye video yako: mwongozo kamili wa kusoma ripoti ya YouTube search

Swali hili linarudi kila mara: mtu amefungua takwimu za video yake, ameona neno fulani liko juu kabisa kwenye orodha ya maneno watu waliyosachi, akabadilisha kichwa cha video kufuata lile neno, na baada ya wiki kadhaa watazamaji wamepungua badala ya kuongezeka. Halafu anasema ripoti inadanganya. Ripoti haidanganyi, ila ukiisoma mstari mmoja mmoja inakupa jibu la swali ambalo hukuuliza. Hapa tunaenda hatua kwa hatua, video moja tu, mpaka ujue ni maneno gani yanaleta mtu anayekaa na kutazama, na yapi yanaleta mtu anayechungulia na kusepa.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta, au simu yenye brauza uliyoiweka kwenye mwonekano wa kompyuta. App ya YouTube Studio ya simu inaonyesha maneno machache tu na haina `Advanced mode`, na kazi yetu yote iko humo.
- Ruhusa ya kuingia kwenye chaneli kupitia `studio.youtube.com`.
- Video moja ndefu ya kawaida iliyokaa hewani angalau miezi miwili au mitatu na inayopata watu kupitia kusachi. Usianze na Shorts, zile zinapata watu kwa njia nyingine kabisa.
- Google Sheets au Excel.
- Muda wa kutulia, kama saa moja hivi kwa mara ya kwanza. Sehemu ya kupanga maneno kwenye makundi haitaki haraka.

Majina ya vitufe naandika kwa Kiingereza kama yanavyosomeka kwenye skrini. Kama Studio yako iko kwenye lugha nyingine fuata mahali kitufe kilipo, mpangilio ni uleule.

## 1. Ingia kupitia video, usiingie kupitia chaneli

Fungua Studio, nenda `Content`, bonyeza video unayotaka kuichunguza, halafu `Analytics`. Hakikisha jina la video linaonekana upande wa kushoto.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu tangu mwanzo. Ukifungua `Analytics` ya chaneli nzima utaona maneno pia, lakini ni ya video zako zote zikiwa zimechanganywa, kwa hiyo neno linaweza kuwa juu kwa sababu ya video nyingine ya mwaka juzi na we ukadhani ni hii unayoifikiria.

Na kuna kurasa nyingine ndani ya Studio zinazoonyesha mambo ambayo watu wanayasachi kwa wingi YouTube. Zile zinakuambia watu wanataka nini kwa ujumla, hazikuambii nani alifika kwako. Zifunge kwa sasa.

## 2. Fika kwenye orodha yenyewe

Bonyeza `Reach`, halafu `Advanced mode`. Kwenye jedwali linalofunguka chagua `Traffic source`. Utaona njia zote watu walizopitia: `Browse features`, `Suggested videos`, `External`, `YouTube search` na nyinginezo.

Kabla hujabonyeza chochote, andika pembeni namba mbili za mstari wa `YouTube search`: `Views` na `Watch time (hours)`. Tutazihitaji hatua ya 4, na wengi wanazisahau halafu wanarudi nyuma kuzitafuta.

Sasa bonyeza `YouTube search`. Jedwali linabadilika na kuwa orodha ya maneno ambayo watu waliandika kwenye sehemu ya kusachi ya YouTube, kisha wakabonyeza video yako. Sio tagi zako, sio maneno ya maelezo yako, ni maandishi yao wenyewe na makosa yao ya herufi. Ukiona maneno ambayo we hujawahi kuyaandika popote, uko mahali sahihi.

Jambo moja la kujua mapema: mtu aliyesachi Google akafika kwenye video yako hayumo humu. Huyo yuko chini ya `External`, pale kwenye Google Search, na maneno aliyoyaandika hutayaona. Kwa hiyo kila tunachosema kuanzia sasa ni cha kusachi kwa ndani ya YouTube tu.

(`Views` inahesabu mara ambazo video imetazamwa, mtu mmoja anaweza kuhesabiwa zaidi ya mara moja. Nitasema "watazamaji" kurahisisha maneno.)

## 3. Weka kipindi kirefu

Juu kulia kuna sehemu ya tarehe. Weka `Last 90 days`. Kama video inapata watu wachache weka kipindi chote tangu ulipoiposti. Ukishabadilisha kipindi, rudi kwenye `Traffic source` uandike upya zile namba mbili za hatua ya 2, maana nazo zinabadilika.

Sababu ni kwamba neno lililoleta watu wachache sana linafichwa, YouTube hailionyeshi. Ukichukua wiki moja, maneno mengi yanabaki chini ya kile kiwango na hayatokei kabisa, ila ukichukua miezi mitatu yanajikusanya na kuanza kuonekana. Mtu anayelalamika kwamba ripoti yake ina maneno manne tu, mara nyingi kipindi chake ni kifupi mno.

Usinyooshe kipindi ovyo lakini. Kama ulibadilisha kichwa au thambneli mwezi uliopita, anza kuhesabu kuanzia siku ile, la sivyo unachanganya video mbili tofauti kwenye jedwali moja. Na siku mbili za mwisho usizitegemee maana takwimu zinachelewa kufika.

## 4. Pima kiasi kilichofichwa

Jumlisha `Views` za maneno yote unayoyaona kwenye orodha, halafu linganisha na ile namba ya `YouTube search` uliyoandika. Havitalingana, na sio hitilafu. Tofauti yake ndiyo yale maneno madogomadogo yasiyoonyeshwa.

Tuchukue mfano tutakaoenda nao mpaka mwisho. Tuseme una video ya dakika 8 inayoeleza jinsi ya kurudisha picha zilizofutika kwenye simu, kwa kupitia sehemu ya takataka ya galari. Kwa siku 90 imepata watazamaji 4,000, na kati yao 1,800 walitoka `YouTube search`. Ukijumlisha maneno yanayoonekana unapata 1,260. Maana yake 540, yaani asilimia 30, hujui waliandika nini.

Asilimia 30 inavumilika. Ikiwa iliyofichwa inazidi nusu, rudi hatua ya 3 uongeze kipindi, na kama bado inazidi nusu basi chukulia matokeo yako kama dalili tu, usibadilishe kichwa kwa sababu yake. Usijaribu kukisia zile zilizofichwa ni maneno gani, wala usizigawe kwa uwiano wa zile zinazoonekana, kwa sababu maneno marefu yenye maelezo mengi ndiyo yanayosachiwa na watu wachache na ndiyo yanayofichwa zaidi.

## 5. Pakua jedwali

Juu kulia kuna mshale wa kupakua. Chagua Google Sheets, au `.csv` kama unatumia Excel. Faili haizidi mistari 500, ambayo kwa video moja inatosha sana.

Kwenye faili baki na safu tatu: neno lenyewe liwe safu A, `Views` safu B, `Watch time (hours)` safu C. Safu D iache wazi, ni ya makundi. Safu ya `Average view duration` ifute, najua inauma kuifuta lakini hatua ya 7 itaeleza kwa nini inapotosha.

## 6. Panga maneno kwa kile mtu alichokuwa anataka

Hii ndiyo kazi yenyewe, zilizotangulia zote ni maandalizi.

Kiswahili kina tabia inayofanya ripoti hii isomeke vibaya kuliko lugha nyingi. Kitu kimoja kinaandikwa kwa namna kumi. Mmoja ameandika "kurudisha picha zilizofutika", mwingine "kurudisha picha zilizo futika", mwingine "jinsi ya kurudisha picha ulizofuta", mwingine "jinsi ya kupata picha zilizofutwa", mwingine "namna ya kuludisha picha kwenye simu", na kuna mwingine amechanganya Kiingereza katikati. YouTube inahesabu kila moja kama mstari wake. Watu wote hawa wanataka kitu kimoja, lakini wamegawanyika mistari tisa na hakuna hata mmoja unaofika juu ya orodha.

Kwa hiyo pita mstari kwa mstari na kwenye safu D andika jina fupi la kundi. Usiangalie neno gani limetumika, jiulize huyu mtu akifungua video anategemea kuona nini. "Kurudisha picha zilizofutika" na "kurudisha picha whatsapp" yana maneno mawili yanayofanana lakini mategemeo ni tofauti kabisa, wa pili anataka picha aliyotumiwa kwenye mazungumzo, galari haimhusu. Hao ni makundi mawili. Na "kurudisha video zilizofutika" ni kundi la tatu, hata kama njia yake inakaribia kufanana na ya picha.

Kuna makundi mawili ya lazima ambayo watu wanayasahau.

La kwanza ni `jina`: mstari wowote wenye jina la chaneli yako au jina lako, hata likiwa limekosewa. Huyu alikuwa anakujua tayari, alikuja kukutafuta we. Ukimchanganya na wengine atakupandishia wastani wa muda wa kutazama maana mashabiki wanakaa, na utadhani video inafanya vizuri kwa wageni kumbe sivyo.

La pili ni `haieleweki`: maneno kama "picha" au "simu" peke yake. Huwezi kujua mtu alitaka nini, usimlazimishe kwenye kundi.

Ukimaliza, makundi yasizidi matano au sita. Ukiwa na kumi na tano bado unapanga kwa herufi badala ya kwa mategemeo, rudia.

## 7. Hesabu kila kundi, ila kwa njia sahihi

Kwa kundi uliloliita `picha`, watazamaji wake ni:

```
=SUMIF(D:D,"picha",B:B)
```

Na wastani wa sekunde ambazo mtazamaji wa kundi hilo alikaa:

```
=SUMIF(D:D,"picha",C:C)*3600/SUMIF(D:D,"picha",B:B)
```

Fomula ya pili inachukua saa zote za kundi, inazigeuza sekunde, inagawa kwa watazamaji wote. Kama Sheets yako inakataa alama ya mkato weka nukta mkato, inategemea setingi ya nchi kwenye faili.

Kosa la kuepuka hapa ni kuchukua `Average view duration` ya kila mstari na kutafuta wastani wake. Tuseme kundi lina maneno mawili: moja lina watazamaji 170 waliokaa dakika 4 na sekunde 30, lingine lina watazamaji 10 waliokaa dakika 1. Ukichukua wastani wa hizo mbili unapata dakika 2 na sekunde 45, ambayo sio kweli hata kidogo, kwa sababu watu 10 wamepewa uzito sawa na watu 170. Ukifanya kwa saa na watazamaji unapata kama dakika 4 na sekunde 18. Tofauti kubwa hivyo inageuza uamuzi wako juu chini, na ndio maana nilisema ile safu uifute.

Sasa mfano wetu unatoka hivi:

| Kundi | Mistari | Watazamaji | Saa | Wastani |
|---|---|---|---|---|
| picha | 9 | 610 | 42 | 4:08 |
| whatsapp | 4 | 380 | 9.5 | 1:30 |
| jina | 3 | 120 | 10 | 5:00 |
| video | 2 | 110 | 5.5 | 3:00 |
| haieleweki | 2 | 40 | 0.8 | 1:12 |

Angalia kilichotokea. Kwenye ripoti ya mwanzo mstari wa kwanza kabisa ulikuwa "picha za whatsapp zilizofutika" wenye watazamaji 290, wakati mstari mkubwa wa kundi la `picha` ulikuwa na 170 tu. Mtu aliyeishia kwenye ule mstari wa kwanza angeandika WhatsApp kwenye kichwa cha video siku hiyohiyo. Ila baada ya kukusanya, kundi la `picha` ndilo kubwa, na saa zake za kutazamwa zinazidi za `whatsapp` zaidi ya mara nne. Watu wa WhatsApp walikuja kweli, wakakaa dakika moja na nusu kwenye video ya dakika 8, wakaona ni mambo ya galari, wakaondoka.

Namba za kundi lenye watazamaji chini ya 30 hivi usizitolee uamuzi wowote. Mtu mmoja aliyeacha video ikicheza yenyewe anatosha kuzipindisha. Hata hao 40 wa `haieleweki` niwaangalie tu, nisiwafanyie kitu.

## 8. Hakikisha neno kubwa sio la siku moja

Rudi kwenye `Advanced mode`, weka tiki kwenye mistari mitatu minne mikubwa na utazame grafu. Neno lenye afya linaleta watu wachache wachache karibu kila siku. Ukikuta mlima mmoja halafu kimya, kuna jambo lilitokea siku hizo, watu wakasachi kwa wingi na sasa wameacha, kwa hiyo usijenge kichwa cha video juu ya neno ambalo limeshapita.

Angalia pia kama mlima umeanzia siku uliyomtumia mtu ujumbe kwamba "sachi maneno haya utaniona". Wale uliowaelekeza we mwenyewe wanaingia kwenye hesabu kama wengine, na ripoti haina namna ya kuwatenga.

## 9. Amua kundi kwa kundi

Watazamaji wengi na wanakaa (`picha` kwenye mfano). Hapa ndipo kichwa chako kinapaswa kuegemea. Chukua maneno ya mstari ulio mkubwa zaidi ndani ya kundi, kama yalivyoandikwa na watu, na yaweke mwanzoni mwa kichwa. Kama kichwa chako kinasema "zilizopotea" na watu wanaandika "zilizofutika", badilisha, hao watu hawatafuti neno lako. Makosa ya herufi kama "kuludisha" usiyaweke kwenye kichwa, tayari unaona kwenye ripoti kwamba YouTube inawaleta bila hayo.

Watazamaji wengi lakini wanasepa (`whatsapp`). Usikimbilie kichwa. Fungua video uitazame: je, hilo jambo limo ndani? Kama limo lakini liko dakika ya 6, weka sura kwenye maelezo ya video. Sura zinataka muda wa kwanza uwe `0:00`, ziwe angalau tatu kwa mfuatano, na kila moja iwe na sekunde 10 au zaidi, la sivyo hazitokei. Mtu wa WhatsApp ataruka moja kwa moja hadi sehemu yake. Kama halimo kabisa basi hilo ni ombi la video nyingine, na umeshapewa maneno ya kichwa chake. Ukishaiposti weka kiungo chake kwenye maoni uliyobandika juu na kwenye kadi, karibu na ile dakika moja na nusu wanapoondokea.

Wachache lakini wanakaa (`video`). Sentensi moja mwanzoni mwa video inayofuata, kwamba njia hii inafanya kazi kwa picha na video, inatosha. Au ongeza neno kwenye maelezo. Usivunje kichwa kinachofanya kazi kwa ajili yao.

## Jambo ambalo orodha hii haiwezi kukuonyesha

Orodha ya maneno ina wale waliobonyeza tu. Walioona video yako kwenye matokeo wakapita, hawamo. Kwa hiyo neno kuwa na watazamaji 12 hakumaanishi linasachiwa kidogo, inawezekana linasachiwa sana na we uko chini sana, au uko juu na thambneli haivutii.

Kupata fununu, rudi kwenye mstari wa jumla wa `YouTube search` na uangalie `Impressions` pamoja na `Impressions click-through rate`. `Impressions` inahesabiwa pale angalau nusu ya thambneli inapoonekana kwenye skrini kwa zaidi ya sekunde moja. Kama imeonekana mara nyingi na waliobonyeza ni wachache ukilinganisha na video zako nyingine zinazopatikana kwa kusachi, shida iko kwenye kichwa na thambneli. Kama haikuonekana mara nyingi, thambneli mpya haitasaidia, maana hakuna wa kuiona.

Na usipime kwa kusachi mwenyewe ukiwa umeingia kwenye akaunti yako. Matokeo yanafuata historia yako, unajiona wa kwanza mahali ambapo wengine hawakuoni kabisa.

## 10. Pima tena baada ya kubadilisha

Badilisha kitu kimoja, andika tarehe, acha zipite siku 28 kamili na mbili za ziada za takwimu kufika. Kisha kwenye `Advanced mode` tumia `Compare to` kulinganisha siku 28 za baada na 28 za kabla. Vipindi viwe na urefu sawa, vinginevyo kile kirefu kitaonyesha maneno mengi zaidi kwa sababu tu kimefichua yaliyokuwa yamefichwa.

Kwa siku 28 makundi yatakuwa madogo kuliko ya siku 90, kwa hiyo rudia hesabu ya hatua ya 7 kwa vipindi vyote viwili na uangalie kundi kuu peke yake. Mabadiliko yamefanya kazi kama saa za kundi la `picha` zimepanda na wastani wake umebaki palepale au umepanda kidogo. Kama watazamaji wamepanda ila wastani umeshuka sana, kichwa kipya kimeanza kuvuta watu wa kundi lingine, na ukifungua orodha utawakuta humo kwa maneno yao wenyewe, warudishe kwenye hatua ya 6 uwape kundi lao.

Kama hakuna kilichosogea na kundi kuu lilikuwa dogo, subiri zifike siku 90 kabla ya kugusa kichwa tena.